Jicho la Dubu: Kuzisoma Alama za Vichezeo kwa Picha

Mhadhara kwa walimu wa chekechea, wazazi na wauzaji wa vichezeo, Dar es Salaam



Huyu mnayemwona pichani ni dubu. Ana urefu wa sentimita 30, manyoya ya kahawia, macho mawili ya plastiki nyeusi, utepe mwekundu shingoni, na ukimbonyeza kifua anaimba. Nilimnunua Kariakoo, nikidhani nampelekea mpwa wangu aliyekuwa anatimiza mwaka mmoja. Hakumfikia. Jioni ile, kabla ya kumfunga kwenye karatasi ya zawadi, nilimpiga picha kama ninavyopiga mizigo ya waagizaji wanaonipa kazi ya ukaguzi, na picha zile ndizo zilizomzuia mlangoni. Leo nitakaa na dubu huyu mmoja tu, kwa sababu karibu kila kosa ninalolikuta kwenye vichezeo bandia limo mwilini mwake.

Watu wengi wakitaka kujua kama kichezeo ni salama, hutafuta alama. Wakiiona, wanatulia. Hapo ndipo mtengenezaji wa bandia anapotupata, maana alama ni wino, na wino haukatai kuchapwa na yeyote. Mimi nimezoea kuuliza jambo jingine: maandishi yote yaliyo juu ya kitu hiki yanakubaliana? Anayeiga huiga vipande vipande. Boksi anaiga la kampuni hii, lebo anaitoa kwa mshonaji anayewauzia viwanda ishirini, onyo analinakili kutoka kichezeo kingine kabisa. Hakai chini akazisoma zote kwa pamoja. Nasi dukani hatuzisomi pamoja, kwani herufi ni ndogo, muuzaji anasubiri, na mtoto anavuta mkono. Picha hutupa nafasi ya kuziweka zote kwenye kioo kimoja, tukazikuza, tukazilinganisha tukiwa tumekaa.

Nianze na upigaji wenyewe, maana picha mbaya haisemi kitu. Kosa la kwanza ni kuisogeza simu karibu mno. Lenzi za simu nyingi hazishiki vizuri kitu kilicho chini ya sentimita kumi hivi, na simu yenyewe inatupa kivuli juu ya lebo. Rudi nyuma kama urefu wa kiganja na nusu, kisha kuza kidogo kwenye kioo. Zima flashi, kwa sababu plastiki na karatasi ya kung'aa huirudisha kama kioo na maneno yanapotea kwenye doa jeupe. Sogea kwenye mlango wa duka, mwanga wa mchana uje kwa upande. Lebo ya kitambaa inyooshe kwa vidole viwili, upige pande zote mbili, kwani mara nyingi onyo limefichwa upande wa nyuma.

Alama zilizochongwa ndani ya plastiki ni shida zaidi. Hazina rangi, ni mkunjo tu wa plastiki ile ile, na ukizipiga kwa mwanga wa mbele hazionekani. Washa tochi ya simu ya pili, uilaze karibu sawa na uso wa plastiki, na kila herufi itajitupia kivuli chake. Ikishindikana, paka chaki juu yake na ufute kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya michoro na utasoma kama umeandika mwenyewe ubaoni. Weka pia rula au sarafu ndani ya picha, kwa sababu baadaye tutahitaji kupima. Na ukitaka kumtumia mtu picha hizo kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti. Ukizituma kama picha za kawaida, programu inazibana ili kuokoa bando, na kinachokufa kwanza ni zile herufi ndogo tunazozihitaji.

Sasa tumtazame dubu. Nilipiga picha sita, na ya kwanza ni ya alama ya CE iliyo nyuma ya boksi.

Alama hii inatoka Umoja wa Ulaya. Maana yake ni kwamba mtengenezaji mwenyewe anatangaza kuwa kitu chake kinafuata sheria za huko. Kwa vichezeo vingi hakuna ofisi ya serikali iliyokikagua na kuigonga kama muhuri. Ni kiapo cha mwenye mali. Umbo lake limepangwa: herufi zote mbili zimekatwa kutoka miduara yenye ukubwa sawa, mkono wa kati wa E ni mfupi kidogo kuliko wa juu na wa chini, na kimo chake hakipaswi kupungua milimita 5. Chukua kalamu ya kuhariri picha kwenye simu, kamilisha duara la C kwa kulizungusha hadi lifunge. Katika alama sahihi duara hilo litaingia kwenye mgongo wa E, maana kati ya herufi hizo kuna uwazi mpana ambao duara linaujaza. Kwenye boksi la dubu wangu herufi zilikuwa zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na mikono yote mitatu ya E ilikuwa sawa.

Mtakuwa mmesikia kwamba herufi zikikaribiana hivyo zinamaanisha bidhaa ya kuuzwa nje kutoka China. Hakuna alama rasmi ya namna hiyo. Ni CE iliyochorwa vibaya, basi. Nawaomba pia msiipe picha hii uzito mkubwa. Viwanda halali navyo huwa na wachapaji wazembe, na mwigaji hodari huichora alama sawasawa. Nilipoiona nilijiandikia tu: huyu hakusoma sheria anayodai kuifuata. Nikaendelea.

Picha ya pili ndiyo moyo wa mhadhara huu. Ni lebo nyeupe iliyoshonwa kwenye mshono wa mguu wa dubu. Ina duara jekundu lililokatwa na mstari mwekundu, ndani yake uso wa mtoto na tarakimu 0-3. Mmeiona mara nyingi. Inasema: kichezeo hiki hakiwafai watoto walio chini ya miaka 3. Sheria ya Ulaya inataka duara liwe na kipenyo kisichopungua milimita 10, mandhari meupe, uso na tarakimu vyeusi, na pembeni iandikwe hatari yenyewe ni ipi, kama vile vipande vidogo. Kwenye lebo ya dubu palikuwa na onyo la kukabwa kwa Kiingereza, na lile neno la kukabwa lilikuwa limeongezewa herufi moja isiyo yake.

Mzazi makini akiiona alama hii atasema, walau wametuonya. Hapana. Kwa dubu, alama hii ni kosa kubwa kuliko kutokuwepo kwake. Mdoli laini wa kukumbatia, uliojazwa sponji au nyuzi, kwa asili yake ni wa mtoto mchanga. Analala nao, anautafuna sikio. Ndiyo maana maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu usalama wa vichezeo yanakataza kubandika onyo linalopingana na matumizi ya kawaida ya kichezeo. Huwezi kutengeneza kayamba la mtoto wa miezi sita ukaandika kwamba si la walio chini ya miaka 3. Wamarekani nao wanafikiri hivyo hivyo: tangu sheria yao ya mwaka 1994, kichezeo cha miaka 3 hadi 6 chenye vipande vidogo lazima kiandikwe onyo, lakini kile cha walio chini ya miaka 3 hakiruhusiwi kuwa na vipande vidogo hata kikiandikwa onyo la ukubwa wa mlango.

Kwa nini mwigaji anaibandika? Kwa sababu inamwondolea gharama. Kichezeo cha walio chini ya miaka 3 hupita kwenye vipimo vikali zaidi. Katika kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 71-1 kichezeo cha namna hiyo huangushwa mara 5 kutoka sentimita 85, na vipande vyake vinavyoshikika, kama macho, huvutwa kwa nguvu inayofikia newtoni 90, yaani karibu sawa na kuning'iniza kilo 9. Hakuna kipande kidogo kinachoruhusiwa kung'oka. Mwenye kujua kwamba jicho lake halitahimili hubandika lebo ya 0-3 na kujifanya kwamba dubu wake ni wa watoto wa shule.

Basi chukua picha ya tatu, ya mbele ya boksi, uiweke pembeni ya ile ya pili. Mbele pamechorwa mtoto asiye na meno, amelala chali, kamkumbatia dubu. Lebo inamkataza mtoto yule yule ambaye boksi linamuuzia. Mkitoka hapa na kitu kimoja tu, kiwe hiki: pigeni picha ya onyo la umri, pigeni picha ya mchoro wa boksi, mziweke ubavu kwa ubavu. Zikigombana, usinunue. Huhitaji maabara wala Kiingereza kingi.

Picha ya nne ni ya jicho. Nilipiga kwa ubavu, simu ikiwa sawa na uso wa dubu, ili nione pale plastiki inapokutana na kitambaa. Jicho lililofungwa vizuri lina mguu unaopenya kitambaa na kushikwa kwa ndani na pete ngumu, kwa hiyo linakaa limebana na manyoya yanabonyea kidogo kulizunguka. La dubu wangu lilikuwa na mwanya. Unaona mwanga ukipita chini yake. Nikalishika kwa kidole gumba na cha shahada nikalivuta. Lilitoka. Mguu ulikuwa na tone la gundi, na pete haikuwepo. Kumbukeni kwamba vidole vikishika kitu kidogo na laini namna hiyo huteleza kabla havijafikia zile newtoni 90, kwa hiyo jicho linalong'oka kwa vidole haliwezi kabisa kufaulu maabara. Kinyume chake si kweli: jicho lililokushinda nyumbani huenda likang'oka kwenye mashine.

Jicho lile lilikuwa na upana wa milimita 12. Maabara hupima vipande kwa kikopo chenye upana wa milimita 31.7, ambacho kitako chake kimelazwa mshazari, upande mmoja kina cha milimita 25.4 na upande wa pili 57.1. Vipimo hivyo vinafuata koo la mtoto mdogo. Kipande kikiingia chote bila kusukumwa, vyovyote utakavyokigeuza, kinahesabiwa kuwa kipande kidogo. Nyumbani tumieni lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Ni pana kuliko kikopo cha maabara, kwa hiyo litawakatalia hata vitu vichache ambavyo maabara ingeviruhusu, na ni afadhali likosee upande huo. Liweke wima juu ya meza, dondosha kipande, piga picha ukiwa juu ukitazama ndani. Jicho la dubu lilizama na kupotea.

Picha ya tano ni ya lebo ya kitambaa na mjazo. Kadi iliyoning'inia shingoni ilisema ni pamba tupu. Lebo iliyoshonwa mguuni ilisema polista nje na ndani. Kati ya hizo mbili, iaminini zaidi iliyoshonwa, kwa sababu iliwekwa wakati mdoli unashonwa, ilhali kadi inaweza kufungwa kwa uzi mahali popote, hata kwenye stoo ya mjini hapa. Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na jina la kampuni ya vichezeo inayojulikana duniani, na lebo ya mguuni haikulitaja jina hilo hata mara moja. Hapo ubandia ukajitangaza wenyewe. Mwenye jina hulishona, halining'inizi kwa uzi tu.

Nimwache dubu kidogo. Wenye midoli na vichezeo vya plastiki laini, kama bata wa kuogea, mtakuta chini yake pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Watu wananiambia ni alama ya usalama. Ile pembetatu humwambia mrejelezaji taka ni plastiki ya aina gani, na hapo inaishia. Lakini ina faida kwa msomaji wa picha. Namba 3 ni PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu na hulainishwa kwa kemikali, na baadhi ya vilainishi hivyo, vile vya jamii ya ftalati, Ulaya imevibana visizidi asilimia 0.1 katika vichezeo. Bata laini, anayenuka kama koti jipya la mvua, mwenye namba 3 na asiye na jina la mtengenezaji popote, mimi simpeleki kinywani mwa mtoto. Picha haiwezi kuniambia ana kemikali kiasi gani. Inaniambia tu kwamba hakuna mtu wa kumuuliza.

Kifua cha dubu kilikuwa na mfuko uliofungwa kwa kitambaa cha kunata, na ndani kisanduku cha wimbo. Nilikipiga picha kikiwa kimefungwa, kisha nikakifungua kwa ukucha. Hiyo ni picha ya sita, na mnaona vizuri: hakuna skrubu. Ndani mna betri tatu za saa, aina ya LR44, kila moja ikiwa na upana wa milimita 11.6. Betri za namna hiyo lazima zifungiwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika bila bisibisi. Iliyo hatari zaidi ni ile bapa ya lithiamu yenye upana wa milimita 20, imeandikwa CR2032. Ikinasa kwenye umio wa mtoto, umeme wake hugeuza mate na nyama kuwa kama magadi makali, na inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Mtoto akihofiwa kumeza betri, msisubiri aonyeshe dalili. Hospitali papo hapo.

Sasa mtauliza, mtengenezaji ni nani? Nilirudi kwenye picha zote sita nikitafuta jina, anwani na namba ya toleo, vitu vitatu ambavyo sheria ya Ulaya inadai viwe juu ya kichezeo au kifungashio. Ukiacha lile jina la kuazima kwenye kadi, sikupata kimoja. Palikuwa na msimbopau tu, unaoanza na 690. Watu wanapenda kuusoma kama hati ya kuzaliwa, 690 hadi 699 China, 616 Kenya, 620 Tanzania. Kwa kweli tarakimu hizo zinaonyesha nchi ambako kampuni ilijiandikishia namba zake, hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi. Kinachofaa ni kuichukua namba nzima na kuitafuta pamoja na aina ya kichezeo kwenye ukurasa wa Safety Gate wa Umoja wa Ulaya, ec.europa.eu/safety-gate-alerts. Huko kila wiki hutangazwa bidhaa hatari zilizokamatwa, zikiwa na picha zake na za maboksi yake, mara nyingi na namba ya toleo na msimbopau. Midoli laini yenye macho yanayong'oka utaikuta humo bila kutafuta sana. Bidhaa yako isipokuwepo, hilo si cheti. Ikiwepo, umemaliza kazi.

Kwa hapa kwetu, CE si kibali cha kuuzia. Mwenye kusimamia viwango ni TBS, na bidhaa za kuigiza majina ya watu ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Ndugu zetu wa Kenya wanaweza kutuma herufi SM, alama ya reli na namba ya kibali kwenda 20023, wakajibiwa kibali hicho ni cha nani na cha bidhaa gani. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba alama inaulizwa mahali pengine, nje ya boksi lenyewe. Hata hapo someni jibu mpaka mwisho. Namba inaweza kuwa halali kabisa, lakini ya unga wa sembe.

Niseme pia pale ambapo picha zinatushinda. Ubandia na hatari ni mambo mawili. Mwaka 2007 Mattel, kampuni halisi yenye alama halisi, iliondoa sokoni mamilioni ya vichezeo vyake, vingine kwa rangi yenye madini ya risasi, vingine kwa sumaku ndogo zilizokuwa zikichomoka. Hakuna picha ya lebo ambayo ingeona risasi ndani ya rangi. Hilo ni la maabara. Na upande wa pili, fundi wa mbao anayechonga magari ya miti na kuyauza barabarani hana CE wala lebo, naye hajamwigiza mtu. Kwake tunapima kwa bomba la karatasi, tunavuta magurudumu, tunatazama misumari, tunamuuliza rangi ameitoa wapi. Yeye yupo, anajibu.

Nilimrudisha dubu dukani siku ya pili. Muuzaji, kijana mpole, aliponiona aliniambia, "Mzee, mali haina shida, inaenda sana hii." Sikubishana naye. Nilimpa simu, nikamwonyesha mtoto wa boksi na lebo ya mguu kwa pamoja. Akazikuza, akazirudisha, akazikuza tena. Akaniuliza kama lebo ile ni ya dubu huyu kweli au nimeichanganya. Nikamgeuza dubu, akaiona mwenyewe. Alinirudishia pesa, kisha akaniomba nimtumie zile picha ampelekee aliyemuuzia jumla, na nikamtumia zote sita kama dokumenti, pamoja na risiti. Halafu akashusha katoni lililobaki, lenye dubu kumi na moja, akaanza kuvuta macho moja baada ya jingine, na yaliyotoka akayaweka kwenye kikombe cha chai.